Kitambaa, N95 au barakoa ya mpira: mwongozo kamili kwa anayekata marumaru na anayepita barabara ya vumbi

Tulikuwa tunamalizia nyumba moja Dodoma, na kijana tunayefanya naye kazi alikuwa koridoni akikata marumaru kwa grenda. Hakuwa mzembe. Alikuwa amevaa barakoa nyeupe iliyoandikwa N95 kwa herufi kubwa upande wa mbele, akaenda nayo mpaka saa saba mchana. Alipoivua ili ale, niliona michirizi miwili ya unga mweupe ikitoka kwenye mfupa wa pua na kupanda hadi karibu na pembe za macho. Midomo nayo ilikuwa imepakwa unga, ingawa ilikuwa imefunikwa siku nzima.

"Mzee, sijaivua tangu asubuhi," akaniambia.

Alikuwa anasema kweli. Barakoa ilikuwepo usoni, ila hewa haikupita ndani yake. Ilikuwa inazunguka pembeni, na ile michirizi ndiyo ilikuwa njia yake. Jioni ile tuliichana barakoa yenyewe kwa wembe tukaikagua, na tukaanza upya. Yale tuliyoyafanya ndiyo nayaandika hapa, kwa fundi wa marumaru, wa mawe na wa mbao, na kwa dereva wa bodaboda anayekula vumbi la barabara ya changarawe kila siku.

Kwanza, jua unavuta vumbi gani

Vumbi unaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha silo linaloumiza mapafu zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, unazikohoa au unazitema. Zinazopita koo na kuingia kifuani ni ndogo kuliko maikromita 10, na zile zinazozama hadi kwenye vifuko vya hewa ni za kama maikromita 4 kushuka chini. Unywele wa kichwa una unene wa takriban maikromita 70. Kwa hiyo, chembe unayotakiwa kuiogopa huioni, na hubaki ikielea chumbani hata baada ya wewe kuona hewa imetulia.

Mawe, zege, mchanga, vigae na marumaru ya kiwandani vina silika. Ukivikata vikavu unazivunja chembe zake kuwa unga mwembamba wenye silika, na unga huo ukifika mapafuni hukwama na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na makovu yanaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Unamfanya pia mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Wachimbaji wa tanzanite wa Mererani wanalifahamu jambo hili vizuri, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha imekuwa ikiwapokea.

Vumbi la mbao ngumu lina hatari yake: shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya pua. Moshi wa kuchomelea vyuma nao uko kundi hilo hilo. Vumbi la barabara ni mchanganyiko wa udongo, mchanga na moshi wa magari. Ndani yake kuna silika pia, ila kwa mtu anayepita, dozi ya dakika kumi nyuma ya lori si sawa na ya mtu anayekata jiwe masaa sita ndani ya chumba.

Hiyo ndiyo sababu sina jibu moja kwa wote. Nataka ujue kazi yako iko upande gani kabla hujatoa hela.

Kitambaa kinafanya nini hasa

Sitaki kukikejeli kitambaa. Ukiwa kwenye bodaboda na basi limekupita, leso au barakoa ya kitambaa inazuia mchanga usiingie mdomoni na inapunguza chembe kubwa zinazokwaruza koo. Hilo ni jambo lenye faida. Lakini nyuzi za pamba zimefumwa na kuachwa matundu makubwa mara nyingi kuliko chembe ya silika, na hakuna kitu kingine cha kuizuia ndani yake. Ukiweka tabaka mbili au tatu, unapata ugumu wa kupumua kabla hujapata uchujaji wa maana. Hapo hewa inatafuta njia rahisi, ambayo ni pembeni.

Barakoa ya hospitali ya buluu au ya kijani iko katikati. Ina tabaka la kuchuja, lakini imetengenezwa kuzuia mate na majimaji ya mvaaji yasimfikie mgonjwa, si kumkinga mvaaji na vumbi. Mashavuni inabaki wazi kama mfuko usiofungwa. Kwa kukata marumaru, haifai.

Barakoa ya kuchuja vumbi inafanya kazi kwa njia mbili ambazo kitambaa hakina. Kati ya tabaka zake kuna shuka jembamba la nyuzi ndogo sana za plastiki, zilizopulizwa wakati plastiki ikiwa bado ya moto. Nyuzi hizo hazipishani kwa mpangilio kama kitambaa. Zimelala ovyo, hivyo chembe inalazimika kupindapinda na kugongana nazo. Zaidi ya hapo, nyuzi zimewekewa chaji ya umeme tuli, ile inayofanya kitana kinyakue vipande vya karatasi. Chembe ndogo inavutwa kama vumbi kwenye kioo cha televisheni. Umeme huo tuli ndio unaokuwezesha kupumua kwa urahisi na bado uchuje. Na ndio utakaokukimbia ukiiosha barakoa kwa sabuni au ukiinyunyizia spiriti.

Hatua ya kusoma maandishi dukani

Watu wengi hununua kwa kuangalia umbo. Mimi nakuomba usome. Barakoa halali haifichi chochote: mambo unayohitaji yamechapishwa kwenye barakoa yenyewe, si kwenye boksi peke yake.

Ikiwa ni ya mfumo wa Marekani, tafuta neno `NIOSH`, yaani taasisi ya Marekani inayotoa vibali vya barakoa hizi, likiwa limeandikwa kwa usahihi, alama `N95`, jina la mtengenezaji au chapa yake, namba ya bidhaa, na namba ya kibali inayoanza na `TC-84A-`. Herufi N inamaanisha haijapimwa dhidi ya mafuta, na 95 inamaanisha inanasa angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio. Chembe za majaribio zimechaguliwa kuwa za takriban maikromita 0.3, ukubwa ambao ni mgumu kuunasa kuliko mkubwa zaidi na hata kuliko mdogo zaidi. Ile namba ya kibali unaweza kuitafuta mtandaoni kwenye orodha ya bure ya NIOSH, ukaona kama ni ya chapa uliyoishika.

Ikiwa ni ya Ulaya, maandishi yanasomeka hivi au karibu na hivi:

```
EN 149:2001+A1:2009  FFP2 NR D
CE 2797
```

FFP1 inanasa angalau asilimia 80, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. `NR` maana yake ni ya zamu moja tu ya kazi, `R` inaweza kutumika zaidi ya zamu moja. `D` inanifurahisha kwa kazi za vumbi, kwa sababu inaonyesha imepimwa kwa vumbi la dolomaiti na haikuziba haraka. Zile tarakimu nne baada ya CE zinataja taasisi iliyoikagua. CE peke yake bila tarakimu, kwenye barakoa ya aina hii, irudishe mezani.

Za China zinaandikwa `KN95` pamoja na `GB 2626-2019`. Nzuri zipo. Shida ni kwamba nyingi zinaning'inia masikioni, na mpira wa masikio hauna nguvu ya kukandamiza barakoa usoni kama mikanda miwili ya kichwani. Barakoa ya N95 yenye kibali cha NIOSH huvaliwa kwa mikanda ya kichwa. Ukiona N95 ya kuning'iniza masikioni, au iliyopambwa kwa maua, au inayouzwa kama ya watoto, huna haja ya kuendelea kuisoma.

Ile ya kijana wetu ilikuwa na N95 kubwa, mpira wa masikio, na hakuna NIOSH popote, wala namba. Duka lilikuwa na boksi zima.

Kuichana moja uone

Ukinunua boksi kwa mara ya kwanza, toa moja uichane. Hasara ya barakoa moja ni ndogo. Ndani unatarajia angalau tabaka tatu: la nje, la ndani linalogusa ngozi, na la katikati ambalo ni jeupe, laini, linalofanana na karatasi nyembamba ya pamba isiyo na matundu ukiiinua kwenye mwanga. Chambua vipande vidogo sana vya karatasi ya risiti, viweke mezani, kisha shusha shuka la katikati karibu navyo. Mara nyingi vitaruka na kulishika.

Lakini sitaki ulipe jaribio hilo uzito lisilokuwa nao. Kunasa karatasi hakukuambii kama ni asilimia 95 au 60, na hata mifuko mingine ya plastiki inaweza kufanya hivyo. Hali kadhalika, jaribio linalosambaa la kumwaga maji ndani ya barakoa na kuona hayapiti. Plastiki hiyo haipendi maji, kwa hiyo tabaka lisilo na uchujaji wowote linaweza kushika maji vizuri. Majaribio haya yanafichua mtu aliyekuuzia kitambaa tu, kama ile yetu, ambayo ndani ilikuwa na shuka mbili za kawaida zisizokuwa na kitu katikati. Hayathibitishi kuwa iliyobaki ni nzuri. Kinachothibitisha ni maandishi yanayoweza kufuatiliwa.

Kukaa kwake usoni

Hapa ndipo watu hupoteza hela nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fanya hesabu hii. Tuchukulie umevaa barakoa nzuri inayonasa asilimia 95, lakini moja ya tano ya hewa unayovuta inapita pembeni. Hiyo asilimia 20 inaingia na vumbi lake lote. Asilimia 80 inapita kwenye kichujio na kubakiza sehemu moja kwa ishirini, yaani 4. Jumla umevuta asilimia 24 ya vumbi. Uchujaji wa asilimia 95 umekuwa wa 76. Ungekuwa na FFP3 iliyoachia pembeni vile vile, ungevuta kama asilimia 21, tofauti ndogo mno kwa bei yake. Kabla ya kupanda daraja, ziba pembeni.

Vaa hivi. Shika barakoa kiganjani, pua ikielekea vidole, iweke kidevuni kisha ipandishe puani. Mkanda wa chini uende shingoni chini ya masikio, wa juu uende utosini. Usiipishanishe mikanda ikawa msalaba. Kisha bonyeza kile kipande cha chuma juu ya pua kwa vidole vya mikono miwili, ukisukuma kutoka katikati kwenda pembeni. Ukibana kwa mkono mmoja unatengeneza kipembe kama paa la nyumba, na chini ya kipembe hicho ndipo hewa inapopita.

Sasa pima. Ikiwa haina vali, zungushia viganja vyote viwili juu yake, toa pumzi kwa nguvu, usikie kama hewa inakugusa machoni au mashavuni. Ikiwa ina vali, funika na uvute pumzi. Barakoa inapaswa kuvutika kidogo usoni na kukaa hapo. Miwani ikijaa ukungu, hewa inatoka juu. Fanya hivi kila unapoivaa, na tena ukirudi kutoka kula.

Ndevu zinaharibu kazi. Hata za siku moja au mbili zinainua ukingo wa barakoa kama nyasi chini ya mkeka. Anayekata mawe kila siku anyoe sehemu inayoguswa na ukingo. Na kama dini au sababu nyingine haimruhusu, basi anahitaji aina ya kofia yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa, si barakoa ya kubana. Usivae leso chini ya barakoa kuzuia jasho, wala barakoa mbili moja juu ya nyingine. Ile ya ndani haikai, ya nje haishiki.

Kuna kipimo kingine cha bure, nacho ni uso wako. Jioni, kabla ya kunawa, jitazame kwenye kioo. Sehemu iliyofunikwa na barakoa inapaswa kuwa safi na mpaka wake uonekane wazi. Michirizi ya unga kwenye pua, mashavu au kidevu inakuonyesha kabisa mahali pa kurekebisha kesho. Kijana wetu alibadilisha barakoa mara ya kwanza na bado akabaki na mchirizi mmoja upande wa kushoto, kwa kuwa pua yake ni pana na kile chuma hakikufika mwisho. Tulijaribu umbo la kukunjwa badala ya la kikombe, na mchirizi ukaondoka.

Barabara ya vumbi

Kwa dereva wa bodaboda, FFP2 au N95 ya kukunjwa yenye vali ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu inakaa chini ya helmeti bila kusukumwa, na joto linatoka. Vaa barakoa kwanza, helmeti baadaye, kisha pima tena, maana pedi za mashavu zinaweza kuisogeza. Kwenye barabara iliyo wazi, jambo linalopunguza vumbi kuliko barakoa yoyote ni kutokaa nyuma ya lori. Punguza mwendo, liache liende, upepo ushushe vumbi. Barakoa ikilowa mvua au jasho, ibadilishe. Iliyolowa inakuwa ngumu kuvuta hewa, na utaanza kuishusha kidevuni bila kujua.

Muda wa kuitupa

Fundi anaponiuliza inakaa siku ngapi, namrudishia swali: unakata nini? Kwa kukata marumaru au zege siku nzima, iliyoandikwa `NR` ni ya zamu moja, nami naitupa jioni. Kwa safari fupi za barabara unaweza kuendelea nayo mpaka uone dalili. Kupumua kukiwa kuzito kuliko asubuhi, ni imejaa. Mkanda umelegea, kile chuma kimekatika, ndani kumeingia unga, au imepondeka mfukoni: tupa. Usiioshe, usiipigie pasi, usiipulize kwa kompresa. Kati ya matumizi iweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni unaoifungia jasho, wala juu ya dashibodi kwenye jua linalolegeza mpira.

Kama kazi yako ni ya kila siku, fikiria barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya kubadilisha. Ya kwanza inauma mfukoni, lakini uso wa mpira unadumu miaka na unaoshwa kwa maji ya sabuni baada ya kutoa vichujio. Vichujio vya vumbi vya Marekani vya daraja la juu vimeandikwa `P100`, vina rangi ya zambarau yenye wekundu, na vinanasa asilimia 99.97. Vya Ulaya vinaandikwa `P2` au `P3`. Kagua zile vali ndogo nyembamba za mpira kila juma. Moja ikikunjika au ikishikwa na mchanga, unavuta vumbi moja kwa moja.

Kwa anayepuliza rangi, tahadhari kubwa. Kichujio cha vumbi, hata P100, hakizuii harufu ya thina. Mvuke unapita kama hewa. Unahitaji kichujio cha mkaa cha mvuke, ambacho kwa mfumo wa Ulaya kina mstari wa kahawia na herufi A, pamoja na cha chembe mbele yake. Rangi za magari zinazochanganywa na hadina zina kemikali inayoweza kuanzisha pumu, na hizo zinahitaji hewa safi ya kupelekwa kwa bomba. Ukisikia harufu ndani ya barakoa, toka nje.

Pale barakoa inapoishia

Barakoa nzuri iliyovaliwa vizuri hupunguza vumbi mara kumi hivi kazini. Ukiwa chumba kimejaa ukungu wa jiwe kiasi cha kutoona ukuta wa pili, moja ya kumi bado ni nyingi. Kwa hiyo, maji kwanza. Kata marumaru kwa mashine yenye maji, au mwenzako amwagie jisu maji kidogo kidogo, mradi mashine yenyewe iwe isiyoweza kuwashika kwa umeme. Ukishindwa, kata nje, upepo ukiwa nyuma yako. Fagia ukishalowesha, na usipulize nguo kwa kompresa. Mawe ya kutengenezwa kwa kwazi, yale ya meza za jikoni, yana silika nyingi mno hivi kwamba Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya mafundi vijana kuugua licha ya masharti yaliyokuwepo. Ukiletewa jiwe hilo, usilikate kavu hata dakika moja.

Kijana wetu sasa anakata nje kwenye beseni la maji. Ana FFP2 yenye D na tarakimu zake nne, na ndevu amenyoa. Jioni hujiangalia kwenye kioo cha gari langu kabla ya kunawa, na siku akiona mchirizi huja kunionyesha.